Ukiulizwa vyanzo vya makosa, sema kosa linavuta jibu upande gani

*Shikamoo mwalimu. Nimemaliza stashahada ya ufundi sanifu wa maabara na nimeitwa kwenye usaili. Waliotangulia wananiambia swali kubwa ni hili: eleza jaribio moja ulilofanya mwenyewe, taja vyanzo vya makosa, kisha eleza unavyotunza kumbukumbu. Hatua za jaribio nazijua, ila nikifika kwenye makosa naishia kusema "makosa ya kibinadamu" na "vifaa vibovu", halafu nakwama. Kwenye kumbukumbu nako sina la kusema zaidi ya kwamba huwa naandika. Nijibuje?*

Marahaba. Unakwama kwa sababu umeyagawa maswali hayo katika mafungu matatu na kuyasoma kila moja peke yake. Mtu anayekusaili anawaza jambo moja tu: fundi huyu akiniletea namba, nitajuaje kuwa naweza kuitegemea? Jaribio linamwonyesha namba ilikopatikana, makosa yanamwonyesha inavyoweza kupotoka, na kumbukumbu zinamwonyesha jinsi upotofu huo utakavyogunduliwa hata kama wewe hupo siku hiyo. Ukijibu kwa mfululizo huo, hutakwama.

Usitafute jaribio la kuvutia. Chukua ulilolirudia hadi mkono ukalizoea, lenye jibu la namba moja. Mimi huwashauri wahitimu wachukue titresheni ya kusanifisha myeyusho wa haidroksaidi ya sodiamu, yaani NaOH, kwa kutumia potasiamu haidrojeni fthaleti, ambayo maabara nyingi huiita KHP. Ni kazi ya asubuhi moja, kila mwenye stashahada ameifanya, na karibu kila kosa lake unaweza kulifuata kwa akili mpaka ukaona limelipandisha jibu au limelishusha.

Anza kwa kusema kwa nini jaribio linafanyika, maana wengi hurukia vifaa. Vidonge vya NaOH hunyonya unyevu na kaboni dioksaidi kutoka hewani tangu unapofungua chupa. Ukipima gramu 4.0 na kuziyeyusha hadi lita moja, unapata myeyusho wa karibu moli 0.1 kwa lita, lakini neno "karibu" hapo ni zito, kwa sababu sehemu ya uzito ule ni maji na kabonati. Kwa hiyo unahitaji kitu kingine ambacho uzito wake unauamini. KHP inafaa kwa sababu hupatikana ikiwa safi sana, hainyonyi unyevu kwa urahisi, na uzito wa moli yake ni mkubwa, gramu 204.22, kiasi kwamba kosa dogo la mizani haliwi na athari kubwa. Moli moja ya KHP hukamilishana na moli moja ya NaOH.

Baada ya hapo eleza hatua kwa sauti yako mwenyewe. Mbele ya jopo ningezisema hivi:

"Niliikausha KHP kwenye ovena kwa nyuzi 110 za Selsiasi kwa saa mbili, nikaiacha ipoe ndani ya desiketa. Nilipima karibu gramu 0.5 kwenye mizani inayosoma hadi desimali ya nne, nikaiyeyusha ndani ya flaski ya koni kwa karibu mililita 50 za maji yaliyokenekwa, ambayo nilikuwa nimeyachemsha na kuyapoza ili kuondoa kaboni dioksaidi. Niliweka matone mawili ya fenolfthaleini. Bureti niliisuuza kwa maji, kisha mara mbili kwa myeyusho wenyewe wa NaOH, nikaijaza, nikahakikisha ncha yake haina povu la hewa, nikaondoa faneli, nikaandika usomaji wa mwanzo. Nilidondosha nikizungusha flaski, nikapunguza hadi tone moja moja nilipokaribia kikomo, nikasimama rangi ya waridi hafifu ilipodumu kwa sekunde 30. Nikaandika usomaji wa mwisho. Nilirudia hadi nikapata majibu matatu yanayokaribiana."

Maelezo hayo hayazidi dakika mbili. Angalia yalivyojaa sababu ndogo ndogo: maji yalichemshwa ili nini, faneli iliondolewa. Msaili mzoefu atashika mojawapo na kukuuliza, "Kwa nini uliondoa faneli?" Hapo ndipo unaingia kwenye makosa bila kusubiri uulizwe.

Sasa kwenye makosa penyewe. Acha kabisa maneno "makosa ya kibinadamu". Hayamwambii msaili chochote, kwa kuwa hayaonyeshi kilichotokea, wala upande ambao jibu limeelekea, wala namna ya kulikamata kosa. Kwa kila kosa utakalolitaja, toa mambo hayo matatu. Huhitaji orodha ndefu. Manne au matano uliyoyaelewa yanatosha, na hapa nitayafuata moja baada ya jingine.

Chukua KHP ambayo haikukauka vizuri. Mizani inasoma gramu 0.5127, lakini sehemu ya uzito huo ni maji. Moli halisi za KHP ni pungufu kuliko unazozihesabu, kwa hiyo NaOH inayohitajika ni kidogo. Ukolezi unapatikana kwa kugawa moli za KHP kwa ujazo uliotoka kwenye bureti. Juu ya mgawo umeweka namba kubwa kuliko ukweli, chini umeweka ujazo ulio sahihi kwa moli chache zilizokuwamo. Jibu linapanda. Kibaya zaidi ni kwamba litapanda kwa kiasi kile kile kila unaporudia, maana chupa ni ile ile. Majibu yako matatu yatakaribiana vizuri sana na yote yatakuwa na kosa. Namna ya kulikamata ni kuikausha tena, kuipoza na kuipima tena hadi uzito usibadilike, au kurudia kwa KHP ya chupa nyingine.

Tofauti na hilo ni kupima kitu kikiwa bado na joto. Hewa inayozunguka chombo chenye joto hupanda juu na kukinyanyua kidogo, hivyo mizani husoma uzito pungufu, na namba hupanda polepole machoni pako kadiri chombo kinavyopoa. Ukiona mizani haitulii na inapanda upande mmoja tu, rudisha chombo kwenye desiketa. Hapa jibu linashuka, kwa kuwa uzito ulioandika ni mdogo kuliko uliopo.

Kosa la bureti kusuuzwa kwa maji peke yake wengi hulitaja bila kulimaliza. Matone ya maji yaliyobaki ukutani huchanganyika na NaOH na kuipunguza nguvu, hivyo utahitaji mililita nyingi zaidi, na ukolezi utakaoupata utakuwa chini ya ule wa chupa. Ishara yake ni nzuri kuijua: titresheni ya kwanza hutoka na jibu la chini kuliko zinazofuata, kwa sababu kila ukijaza upya, maji yale huzidi kuondoka. Ukiona majibu yako yanapanda hatua kwa hatua badala ya kuyumba huku na huko, shuku jambo hilo mapema.

Hapa msaili anaweza kukutega. Atauliza, "Na flaski ya koni je, ukiisuuza kwa maji ikabaki na unyevu, jibu litaathirikaje?" Mtu aliyekariri atasema nayo ni kosa. Jibu sahihi ni kwamba haiathiriki, kwa sababu moli za KHP zilishaamuliwa kwenye mizani, na maji ya ziada hayaongezi wala hayapunguzi moli hata moja. Lakini ukiisuuza flaski hiyo kwa myeyusho wa KHP, umeongeza moli ambazo hukuzipima, na NaOH itakayotumika itazidi. Swali hilo moja linamwonyesha msaili kama unaelewa unachopima au unafuata mazoea.

Povu la hewa kwenye ncha ya bureti ndilo ninalolipenda zaidi kwa usaili, kwa kuwa lina ushahidi unaoonekana. Ukianza kusoma povu likiwa bado pale, kisha likatoka katikati ya kazi, kimiminika kinajaza nafasi yake bila kuingia kwenye flaski. Bureti inaonyesha umetumia mililita 25.78 wakati flaski imepokea pungufu ya hapo. Ujazo ulioandikwa ni mkubwa, jibu linashuka. Faneli iliyoachwa juu hufanya kinyume chake: tone likianguka kutoka kwenye faneli wakati unatitresha, usomaji wa mwisho unakuwa mdogo kuliko ilivyopaswa, na jibu linapanda. Hiyo ndiyo sababu ya kuiondoa.

Kuna pia suala la kikomo. Fenolfthaleini hubadilika rangi kati ya pH 8.2 na 10, na kikomo cha KHP na NaOH kiko karibu na pH 9, kwa hiyo zinaendana. Ukitumia methili ya chungwa, ambayo hubadilika kati ya pH 3.1 na 4.4, rangi itakuwa imeanza kubadilika hata kabla hujadondosha kitu, kwani myeyusho wa KHP wenyewe una pH karibu na 4. Kisha kuna jambo linalowasumbua wengi: rangi ya waridi inafifia baada ya dakika moja au mbili, mtu anaongeza tone, inafifia tena, anaongeza tena. Kaboni dioksaidi ya hewani inaingia kwenye flaski unapozungusha, nayo inaila ile NaOH kidogo iliyobaki. Kikomo ni pale rangi ilipodumu sekunde 30. Matone yanayofuata ni ya kupambana na hewa, na kila moja lina karibu mililita 0.05.

Ukubwa wa kosa nao una nafasi yake kwenye jibu lako, na wachache huutaja. Tuchukue mizani yenye shaka ya gramu 0.0002 katika gramu 0.5: hiyo ni asilimia 0.04. Bureti ya mililita 50 ya daraja A kwa kawaida inaruhusiwa kukosea hadi mililita 0.05, na katika mililita 25 hiyo ni asilimia 0.2. Tone moja la ziada kwenye kikomo nalo ni asilimia 0.2. Maana yake ni kwamba katika jaribio hili jicho lako lielekezwe kwenye bureti kuliko kwenye mizani. Pia hapo unapata sababu ya kupima gramu 0.5 na siyo 0.1. Kwa gramu 0.1 ungetumia karibu mililita 5 tu, na kosa lile lile la mililita 0.05 lingekuwa asilimia 1. Ukiyasema hayo kwenye usaili utakuwa umeonyesha kwamba hata kiasi ulichopima ulikichagua kwa sababu.

Wasaili wengine hupenda istilahi, kwa hiyo zijue: makosa ya kimfumo huvuta jibu upande mmoja kila mara, kama KHP yenye unyevu au mizani isiyosawazishwa. Makosa ya nasibu huyumba pande zote, kama jicho linavyokisia sehemu ya kumi ya mstari wa bureti. Kurudia jaribio na kuchukua wastani hupunguza ya nasibu. Hakuyagusi ya kimfumo. Mtu akikuuliza utapunguzaje makosa nawe ukajibu "nitarudia mara tatu" peke yake, umejibu nusu ya swali, na nusu iliyobaki ndiyo inayoweza kuiletea maabara matokeo mabaya kwa miezi bila mtu kushtuka.

Sasa tuziunganishe hesabu na daftari, kwa kuwa hapo ndipo swali lako la tatu linapojibiwa. Chukulia ukurasa wa daftari lako una majaribio manne. Namba hizi ni za mfano, lakini zinafanana na zinazopatikana kazini:

Jaribio la 1: KHP gramu 0.5127, bureti kutoka 0.14 hadi 25.48, ujazo mililita 25.34, ukolezi 0.09907.

Jaribio la 2: KHP gramu 0.5098, bureti kutoka 0.08 hadi 25.30, ujazo mililita 25.22, ukolezi 0.09898.

Jaribio la 3: KHP gramu 0.5143, bureti kutoka 0.20 hadi 25.98, ujazo mililita 25.78, ukolezi 0.09769. *Povu lilionekana kwenye ncha baada ya kuanza; mwishoni halikuwepo.*

Jaribio la 4: KHP gramu 0.5061, bureti kutoka 0.10 hadi 25.12, ujazo mililita 25.02, ukolezi 0.09905.

Hesabu ya jaribio la kwanza ni 0.5127 gawanya kwa 204.22, unapata moli 0.0025105; gawanya kwa lita 0.02534, unapata moli 0.09907 kwa lita. Jizoeze kuifanya mbele za watu, kwa sauti, kwa kalamu. Wengine hutetereka hapo kwa kusahau kugeuza mililita kuwa lita.

La kwanza, la pili na la nne yako ndani ya asilimia 0.1 ya mengine. La tatu liko chini kwa zaidi ya asilimia 1. Ukichukua wastani wa yote manne unapata 0.0987, ukiliacha la tatu unapata 0.0990. Je, una haki ya kuliacha?

Haki hiyo inatokana na ile sentensi fupi kuhusu povu, na inatokana nayo kwa sababu iliandikwa wakati wa kazi, kabla ya hesabu kufanyika. Povu linaeleza kwa nini jibu limekwenda chini, na linaeleza hata ukubwa wake: ukitumia ukolezi wa majaribio mengine, jaribio la tatu lingehitaji karibu mililita 25.43, kwa hiyo kuna mililita 0.35 zisizofika kwenye flaski, kiasi ambacho povu la kwenye ncha na koki linaweza kukichukua. Kosa, upande wake na ukubwa wake vinakubaliana. Unaliacha nje ya wastani, unaandika sababu, na namba zake zinabaki ukurasani zikisomeka.

Tuseme sentensi ile haikuandikwa. Namba ni zile zile, nawe una uhakika moyoni kwamba "lazima kulikuwa na kitu". Hapo huna haki ya kulitupa kwa kuwa tu halikupendezi. Unaweza kufanya majaribio mengine mawili au matatu ukaona kama yanarudi kwenye 0.0990. Unaweza kutumia kipimo cha kitakwimu cha kupembua namba iliyojitenga, kama kile cha Q, ukataja kwamba umekitumia. Lakini kwa namba nne tu takwimu ina nguvu ndogo, nami ningeyaamini zaidi majaribio ya ziada. Kwa vyovyote vile, ripoti itasema majaribio yalikuwa mangapi, yapi yaliachwa na kwa nini. Msaili akikupa mfano wa namba moja iliyojitenga na kukuuliza utaifanyaje, anataka kusikia mwenendo huu. Akisikia "nitaifuta", usaili umekwisha hata kama atakuuliza maswali mengine kumi kwa heshima.

Kutoka hapo unaweza kueleza utunzaji wa kumbukumbu kwa sababu zake, badala ya kukariri kanuni. Unaandika moja kwa moja kwenye daftari, palepale, kwa sababu karatasi ya pembeni hupotea na kunakili huzaa makosa yake: 25.48 inageuka 25.84 bila mtu kujua. Unaandika usomaji wa mwanzo na wa mwisho, wala huandiki tofauti peke yake, kwa kuwa ukikosea kutoa, mtu mwingine ataweza kuligundua kosa hilo. Vivyo hivyo kwa mizani: uzito wa chombo kitupu na uzito kikiwa na KHP, vyote viwili. Ukisoma 25.30, andika 25.30. Ukiandika 25.3 umemwambia msomaji kuwa hukuiona desimali ya pili, na hiyo si kweli.

Daftari liwe la kushonwa, lenye kurasa zenye namba, ili ukurasa uliochanwa ujulikane. Tumia kalamu ya wino. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja ili namba ya kwanza isomeke, andika sahihi pembeni, weka herufi za jina lako, tarehe na sababu, hata kama sababu ni fupi kama "nilisoma vibaya". Wino mweupe wa kufutia haukubaliki, na kuandika juu ya namba vilevile. Watu huliona hili kama suala la unadhifu, lakini angalia tena jaribio la tatu. Kama namba ya kwanza ingefutwa, nani angejua kwamba haikufutwa kwa sababu ilimchukiza mwandishi?

Kuna maelezo mengine ambayo hayaonekani muhimu siku ya kazi: namba ya toleo iliyo kwenye chupa ya KHP, namba ya utambulisho ya mizani na ya bureti, tarehe ya mwisho ya kusawazishwa kwa mizani, joto la chumba, na nani alikagua ukurasa. Ikigundulika baadaye kuwa mizani fulani ilikuwa inasoma vibaya, ukurasa wenye namba yake utapatikana. Usio nayo utatia shaka kazi zote za kipindi hicho. Kwa maabara zinazotumia kompyuta kanuni ni ile ile: kila mtu anaingia kwa jina lake mwenyewe, na mabadiliko yanaacha alama ya nani alibadilisha, lini na kwa nini. Kuingia kwa neno la siri la mwenzako ni sawa na kutia saini yake, nawe ukiulizwa kama utafanya hivyo kwa sababu mwenzako amechelewa, kataa waziwazi.

Kuna swali la pembeni ambalo hutolewa kwa sauti ya upole: "Msimamizi wako anakuomba uandike leo matokeo ya jana ambayo hukuyaandika. Utafanyaje?" Usijibu tu kwamba utakataa. Sema utaandika kwa tarehe ya leo, ukieleza kuwa ni kazi ya jana iliyochelewa kuandikwa, utaambatanisha chochote kilichopo, kama karatasi ya mizani iliyochapwa, na utaweka saini ya leo. Namba isiyo na chanzo hutaiandika. Utapendekeza jaribio lirudiwe. Jibu hilo linamwonyesha kwamba unaweza kufanya kazi na mkubwa wako bila kugombana naye na bila kughushi tarehe.

Kisha kuna lebo ya chupa, ambayo wahitimu wengi huisahau wakidhani kumbukumbu ni daftari tu. Kwenye chupa ya NaOH uliyosanifisha andika jina la myeyusho, ukolezi moli 0.0990 kwa lita, tarehe, herufi za jina lako, tarehe ya kusanifisha tena, na ukurasa wa daftari zilipo hesabu. Andika 0.0990, usiikate kuwa 0.1, kwani kazi yote ya asubuhi ilikuwa ni kutafuta tofauti hiyo. Chupa iwe ya plastiki na ifungwe vizuri, kwa kuwa NaOH hula kioo polepole na huendelea kunyonya kaboni dioksaidi kila inapofunguliwa.

Hapo msaili akitaka kukupima hadi mwisho, atakuuliza hivi: wiki mbili zimepita, unasanifisha tena chupa ile ile na unapata 0.0978. Unafanya nini? Kwanza unahakikisha kwa majaribio yanayorudiwa na kwa kusoma ukurasa wa zamani: mizani ni ile ile, KHP ni ya toleo lile lile, kiashiria ni kile kile? Kama yote yanalingana, sababu inayoelekea zaidi ni kaboni dioksaidi. Inageuza NaOH kuwa kabonati, na kwa fenolfthaleini kabonati hiyo husafiri nusu ya njia tu, ikaishia kwenye bikabonati, hivyo nguvu inayoonekana hupungua. Ndiyo maana kiashiria ulichotumia siku ya kwanza kilipaswa kuandikwa: ukitumia asidi kali na methili ya chungwa badala ya KHP na fenolfthaleini, upungufu huo usingeonekana. Halafu unaiwekea chupa alama isitumike, unamwarifu msimamizi, na unafungua daftari kutafuta sampuli zote zilizopimwa kwa chupa hiyo kati ya tarehe mbili zile. Tofauti ni asilimia 1.2. Matokeo yaliyokuwa mbali na kikomo kinachokubalika yanaweza kubaki, yakiwa na maelezo. Yaliyokuwa karibu na kikomo hicho yanapimwa upya kama sampuli bado ipo, na aliyeyapokea anaarifiwa kwa maandishi.